Kalori za Wali wa Maziwa: Kutoka Sufuria Moja Hadi Bakuli Nane



Leo nitazungumza juu ya sufuria moja tu. Ni sufuria ya wali wa maziwa: mchele, maziwa, sukari, iliki, na karanga za kunyunyizia juu. Nimeuchagua kwa sababu bonde hili la Kilombero linautoa karibu wote. Mchele unatoka mashambani kwetu, kuanzia Mang'ula hadi Mngeta na Mlimba. Sukari inatoka viwanda vya Kilombero, upande wa Kidatu. Maziwa yanaletwa na wafugaji wanaochunga pembezoni mwa nyanda za mto. Karanga na iliki ndizo tunazozipata kutoka mikoa mingine. Na nimeuchagua pia kwa sababu ni chakula kinacholiwa na watu wenye haja zinazopingana kabisa. Mtoto aliyetoka kuugua malaria hupewa ili arudishe mwili. Mzee mwenye kisukari hupewa kwenye shughuli, akaogopa kula na akaona haya kukataa. Mkulima anayehamia dungu msimu wa kupalilia huula asubuhi ili afike mchana. Wote watatu wanauliza swali moja: bakuli hili lina kalori ngapi?

Jibu wanalopewa mara nyingi si sahihi, na kosa lenyewe halitokani na ugumu wa hesabu. Hesabu ni ya kujumlisha na kugawanya, mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kosa hutokea kwa sababu kalori huingia sufuriani kwa uzito wa vitu vibichi, lakini hutoka kwa uzito wa chakula kilichoiva. Katikati ya kuingia na kutoka kuna mvuke, na mvuke hauchukui kalori hata moja. Mkinielewa hapo, mengine yote ya mhadhara huu ni maelezo tu.

Kwanza tukubaliane kuhusu kipimo. Kalori ninazozitaja ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, ambazo wataalamu huziita kilokalori. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi wa Marekani aitwaye Wilbur Atwater alitupatia viwango ambavyo bado vinatumika: gramu moja ya wanga au sukari hutoa takriban kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Maji hayana kitu. Kwa vyakula vyetu, hatuna haja ya kuazima majedwali ya mbali. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo cha Afya ya Jamii cha Harvard walitoa Jedwali la Virutubishi vya Vyakula vya Tanzania. Kila mwalimu wa lishe anapaswa kuwa nalo mezani.

Sasa tuingie jikoni. Mapishi nitakayoyatumia ni ya kawaida kwa mama lishe wa Kibaoni au Viwanja Sitini. Mchele robo, yaani gramu 250. Maziwa lita 2. Sukari gramu 150. Maji nusu lita ya kuanzia. Karanga zilizomenywa gramu 100. Iliki punje chache, ambazo kwa hesabu hii hazina uzito wa kutusumbua.

Angalieni kwamba nimesema robo, sikusema kikombe. Duka la mtaani lina mizani, na muuzaji hukupimia robo bila kinyongo. Hiyo ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote katika hesabu hii: uzito umeshapimwa kabla hujafika nyumbani, wewe ni kuukumbuka tu. Kikombe hudanganya. Kikombe cha mililita 250 kilichojaa mchele usawa wa ukingo hubeba karibu gramu 200, lakini wengi hujaza mpaka kikaota kichuguu. Kijiko kikubwa cha sukari kilichosawazishwa huwa na gramu kama 12, kilichojaa kwa kilima hukaribia mara mbili yake. Vijiko kumi vya namna hiyo vikiitwa vijiko kumi vya kawaida, umeshapoteza kalori mia nne na ushee kabla ya kuwasha moto.

Mchele mkavu una kalori karibu 360 kwa gramu 100. Robo yetu basi ina kalori 900. Watu huniuliza kama Supa yenye kunukia ina kalori nyingi kuliko SARO 5. Kwa hesabu ya leo hazitofautiani. Harufu haina kalori, na ukubwa wa punje hauna kalori. Hata chenga, ule mchele uliovunjika mashineni ambao ni rahisi bei, una kalori zile zile kwa uzito ule ule. Mimi kwa pishi hili naupendelea chenga, maana punje iliyovunjika hutoa wanga wake upesi na uji unakuwa mzito bila kuongeza mchele. Kupika vitu vya thamani ndogo kwa namna inayovifaa si umaskini, ni ujuzi, na mama wa bonde hili anaujua tangu zamani kupitia vitumbua.

Sukari ni rahisi zaidi. Ni karibu wanga mtupu, kwa hiyo kalori 4 kwa gramu. Gramu 150 zinatupa 600.

Maziwa ndiyo yanayohitaji tukae kidogo, maana hapo ndipo kalori hubadilika bila jicho kuona. Lita moja ya maziwa ina uzito wa gramu 1,030 hivi. Maziwa yenye mafuta asilimia 3.5 hutoa kalori zipatazo 650 kwa lita. Lakini maziwa ya ng'ombe wa kienyeji mara nyingi huwa na mafuta asilimia 5 au zaidi. Fanyeni hesabu ya Atwater: mafuta gramu 5 ni kalori 45, protini gramu 3 na nusu hivi ni 14, sukari ya maziwa karibu gramu 5 ni 19 au 20. Hiyo ni 78 kwa gramu 100, yaani 800 kwa lita. Kwa lita mbili, tofauti ya ng'ombe mmoja na mwingine ni kalori 300. Kwa mtoto dhaifu hilo ni jambo la furaha. Kwa mtu anayepunguza uzito, ni jambo la kulijua.

Upande mwingine kuna maziwa yaliyotiwa maji. Muuzaji akichanganya robo yake maji, lita mbili zako zina lita moja na nusu tu ya maziwa, na umekosa kalori 325 ulizolipia. Laktomita ndicho chombo cha kubaini. Maziwa halisi yakipimwa kwenye nyuzijoto 20 husomeka kati ya 1.028 na 1.032, na yakishuka sana chini ya hapo, maji yameingia. Nyumbani bila laktomita utaona dalili jikoni: yanachukua muda mrefu kuwa mazito, utando wa juu ni mwembamba, na mpishi anajikuta akiongeza sukari ili kuficha ladha ya maji. Hapo tayari ameongeza kalori za sukari kufidia kalori za maziwa, na watu wanakula kitu kingine kabisa bila kujua.

Kwa mfano wetu tuchukue maziwa ya kalori 650 kwa lita. Lita 2 ni 1,300. Jumla ya sufuria bila karanga: mchele 900, maziwa 1,300, sukari 600. Inakuja 2,800. Namba hiyo sasa imefungwa. Kuanzia hapa, moto mkali, moto mdogo, kukoroga sana au kidogo, hakuna kitakachoibadilisha, isipokuwa maziwa yamwagike au chakula kiungue.

Upishi wenyewe una utaratibu wake, na utaratibu huo unagusa hesabu. Mchele huanza na maji, sio maziwa. Ukichemka kwenye maji mpaka ukalainika, ndipo maziwa yanapoingia kidogo kidogo, moto umepunguzwa, mwiko haukai. Sukari huja mwisho. Ukiitia mapema, huchelewesha punje kulainika, kwa sababu sukari inashindana na wanga kuyapata maji. Mpishi anayeanza na sukari hujikuta amekaa jikoni kwa muda mrefu zaidi, mvuke umetoka mwingi, na sufuria imeshika chini.

Vitu vilivyoingia vilikuwa na uzito gani? Mchele gramu 250, maji 500, maziwa 2,060, sukari 150. Jumla gramu 2,960. Baada ya kuiva, chakula chenyewe kilikuwa na gramu 2,240. Gramu 720 ziliondoka kama mvuke. Nimezijuaje 2,240 bila kukihamisha chakula? Sufuria tupu ilipimwa kabla, ikawa gramu 900. Ikapimwa tena ikiwa imejaa, ikawa 3,140. Ondoa 900, unapata 2,240. Mizani ya jikoni ya kilo tano inatosha, na asiye nayo anaweza kumwomba jirani mwenye duka.

Sasa kugawa. Kalori 2,800 kwa gramu 2,240 ni kalori 1.25 kwa kila gramu ya wali wa maziwa ulioiva. Hiyo ndiyo namba ya kuandika ukutani, maana inafanya kazi kwa bakuli la ukubwa wowote. Bakuli la gramu 280 lina kalori 350, na sufuria inatoa bakuli nane kamili. Bakuli dogo la mtoto lenye gramu 200 lina 250. Baba aliyepakuliwa gramu 400 amepata 500. Wengi husema, sufuria ina kalori 2,800, tuko wanane, kila mtu 350, basi. Hilo ni kweli ikiwa mikono iliyopakua ilikuwa na haki. Nyumbani kwetu mabakuli hayafanani, na mgeni hupakuliwa zaidi. Kugawa kwa idadi ya vichwa hukupa wastani wa familia, hakukupi alichokula mzee mwenye kisukari.

Tuseme siku nyingine mpishi aliacha sufuria motoni muda mrefu zaidi mpaka zikabaki gramu 2,000. Kalori bado ni 2,800. Lakini sasa kila gramu ina kalori 1.4, na bakuli lile lile la gramu 280 lina 392. Macho yanaona bakuli moja la kimo kile kile. Tofauti ya kalori 42 imetokana na kuni tu. Na nieleze jambo linalowachanganya wengi: wali wa maziwa ukipoa huwa mzito zaidi, lakini huo si uzito wa mizani. Ni wanga unaoganda kadiri unavyopoa. Kalori kwa gramu hazibadiliki kwa kupoa.

Karanga nimeziacha kando kwa makusudi. Gramu 100 zina kalori kama 570, na korosho hazitofautiani sana, 550 hivi. Zingekorogwa ndani ya sufuria, tungezijumlisha na kugawa pamoja na vingine. Lakini karanga hunyunyiziwa juu ya bakuli, na anayependwa hunyunyiziwa zaidi. Kwa mgao wa haki, bakuli nane zinapata gramu 12 na nusu kila moja, yaani kalori 71. Bakuli letu la 350 linafika 421. Ila bakuli moja likipata kiganja kizima cha gramu 30, limeongezewa 171, na jumla ni 521. Karanga lazima zipimwe au zihesabiwe kwa bakuli, kamwe si kwa sufuria.

Niseme sasa kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Mtu anafungua jedwali, anaona wali una kalori 130 kwa gramu 100, anazidisha na robo yake ya mchele, anapata 325. Amepoteza kalori 575 kwa mkupuo mmoja, ambazo ni 72 kwa kila bakuli. Zile 130 ni za wali uliokwisha kuiva, wenye maji mengi ndani. Kosa la upande wa pili hutokea pale wali uliolala unapogeuzwa kuwa wali wa maziwa asubuhi. Robo ya mchele mkavu ikiiva inaweza kufika gramu 700. Mtu akizizidisha gramu hizo 700 kwa kalori za mchele mkavu, anapata 2,520 mahali ambapo pana 900 tu. Kanuni ni moja: uzito na kalori lazima vitoke hali moja. Kibichi kwa kibichi, kilichoiva kwa kilichoiva.

Kuna pia ukoko. Tuseme baada ya kupakua, sufuria inasoma gramu 1,040 badala ya 900. Gramu 140 zimebaki chini na ubavuni, na kalori zake hazipungui 175, kwa kuwa ukoko ni mkavu kuliko kilichopakuliwa. Kalori hizo hazikufika kwenye mabakuli. Sufuria ikilowekwa na kuoshwa, zimekwenda na maji. Mtoto akipewa akwangue, zimekwenda kwa mtoto, na mama hataziona popote kwenye hesabu yake. Katika tathmini ya lishe ya kaya, sikubali kuacha swali la nani alikwangua sufuria.

Wapo wanaoweka tui la nazi badala ya sehemu ya maziwa, na pwani hufanya hivyo zaidi. Hapa hesabu inaruka. Tui zito, la mkamuo wa kwanza bila maji mengi, linaweza kufika kalori 230 kwa gramu 100. Nusu lita ya maziwa ni kalori 325, nusu lita ya tui zito ni zaidi ya 1,100. Bakuli zile nane kila moja inaongezeka kwa karibu kalori 100, na protini inapungua. Tui jepesi la mkamuo wa pili ni habari nyingine, na hakuna jedwali litakalokuambia mkono wako ulikamua kiasi gani na kuacha kiasi gani kwenye chicha. Firni ya Zanzibar inayotumia mchele uliosagwa huhitaji mchele kidogo kwa maziwa yale yale, kwa hiyo ukichukua namba zangu za leo ukazibandika kwenye firni, utakosea.

Namba hizi tuzitumieje kwa wale watu watatu niliowataja mwanzo? Kwa mzee mwenye kisukari, sukari ya kuongezwa ni gramu 150 kwa bakuli nane, karibu gramu 19 kwa bakuli. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50. Bakuli moja limekula zaidi ya theluthi ya kiwango hicho kabla hajanywa chai. Lakini msimdanganye kwamba ukitoa sukari yote tatizo limekwisha. Mchele wa bakuli lile una gramu 25 za wanga, na maziwa yana sukari yake. Dawa yake ni bakuli dogo la gramu 140, sukari nusu, na aone daktari wake au mhudumu wa lishe kuhusu kiasi cha siku nzima.

Kwa mtoto anayepona, msiongeze sukari. Ongezeni maziwa yaliyo kamili na karanga zilizosagwa laini, maana karanga nzima humpalia mtoto mdogo. Kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, gramu 15 hivi, huongeza kalori 85 pamoja na protini na mafuta, bila kuongeza ukubwa wa bakuli. Tumbo la mtoto ni dogo, na bakuli kubwa la uji mwepesi humjaza kabla hajapata alichohitaji. Kwa mkulima wa dungu, ambaye kwa kazi ya jembe la mkono mahitaji yake yanaweza kupita kalori 3,000 kwa siku, bakuli la 421 ni sehemu ndogo tu ya mzigo wake. Ale mawili.

Mipaka ya namba hizi pia muifahamu. Jedwali hutoa wastani. Ng'ombe wako, mchele wako na unyevu wa ghala lako haviko kwenye jedwali. Kwa vipimo vya jikoni, mimi siamini matokeo kwa usahihi zaidi ya asilimia 10 juu au chini. Kwa hiyo nikisema 421, andikeni 420, na mjue inaweza kuwa 380 au 460. Anayekuandikia 421.3 anakuonyesha tu kwamba kikokotoo chake kina kitufe cha nukta.

Ombi langu kwenu ni moja. Kabla ya kupika kesho, pimeni sufuria yenu tupu na mwandike uzito wake kwa msumari upande wa chini, mahali ambapo moto hautafuta. Akina mama lishe, fanyeni hivyo kwa kila sufuria mnayouzia. Wenye kisukari wanaokula kwenye vibanda vyenu wanawategemea ninyi kuliko wanavyonitegemea mimi.